Nani Alisema? Namna ya Kuwataja Wazee Wetu katika Utafiti wa Falsafa

Katika tasnifu za falsafa ya Kiafrika kuna sentensi inayorudi tena na tena: "Wahenga wetu waliamini kwamba..." au "Kadiri ya mapokeo ya watu wetu..." Mara nyingi sentensi hiyo haina tanbihi. Ukurasa uleule ukimtaja Aristoteli au Mtakatifu Tomaso wa Akwino, tanbihi ipo, jina la kitabu lipo na namba ya ukurasa ipo. Mtu aliyefariki Ugiriki mwaka 322 kabla ya Kristo anatambuliwa kama mwenye hoja yake. Babu anayeishi kigango cha jirani, aliyetumia alasiri nzima kutufafanulia maana ya neno moja, anageuka kuwa "mapokeo".

Tunaoandika kazi hizi ni sisi wafrateri, na wanaotupa maneno hayo ni wazazi, babu, bibi na majirani wa parokia zetu. Kwa hiyo somo hili linawahusu wote wawili, anayeuliza na anayeulizwa. Tunataka kueleza jambo moja tu. Katika maneno anayotuambia mzee kuna sauti tatu: sauti ya jamii, sauti ya mzee mwenyewe, na baadaye sauti yetu sisi tunaotafsiri. Kumtaja mzee kwa haki ni kuzitenganisha sauti hizo tatu, ili kila moja ibaki na mwenyewe.

Maarifa ya wote ni yapi?

Kanuni za uandishi wa kitaaluma zinaturuhusu tusitaje chanzo tunapoandika jambo linalojulikana na wote. Hatuhitaji tanbihi kusema kwamba mlima Kilimanjaro uko Tanzania, au kwamba Mtakatifu Augustino alikuwa askofu wa Hippo. Sababu ni kwamba msomaji yeyote anaweza kulihakiki jambo hilo mahali pengi bila msaada wetu. Ruhusa hiyo inatokana na urahisi wa kuhakiki. Idadi ya watu wanaolijua jambo katika eneo moja ni suala jingine.

Hapo ndipo wengi tunapoteleza. Tunasikia mzee akisema, "Hili kila mtu hapa analijua," nasi tunaandika kama kwamba kila msomaji analijua. Lakini neno "hapa" lina mipaka. Linaweza kuwa ukoo, kijiji au bonde moja. Msomaji wa Bukoba au wa Mombasa hawezi kulihakiki bila kufika kwa watu wale. Kwa hiyo jambo linaloweza kujulikana na kijiji kizima bado linahitaji kutajiwa chanzo: ni la watu gani, wa wapi, na nani alituambia.

Kipimo kinachotusaidia ni swali moja la kujiuliza tukiwa mezani: kama nisingekutana na mtu huyu, ningeliandika jambo hili? Jibu likiwa hapana, basi mtu huyo ni chanzo, na jina lake lina haki ya kuonekana.

Safari ya falsafa yetu katika jambo hili

Historia ya falsafa ya Kiafrika inaonyesha vizuri kinachotokea chanzo kinapofichwa na kinachotokea kinapotajwa. Tuangalie hatua tatu.

Mwaka 1945 Padre Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji aliyefanya utume Kongo, alitoa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu. Alitaka kuwaonyesha Wazungu wenzake kwamba Waafrika wana fikra zenye mpangilio, na kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo la ujasiri. Alikuwa ameishi hasa kati ya Waluba wa Katanga. Hata hivyo katika kitabu chake anayeongea ni "Mbantu". Hatukutani na mzee fulani aliyesema hivi na mwingine aliyesema vile. Mazungumzo ya watu wa eneo moja yakageuka kuwa mawazo ya mamilioni ya watu wanaozungumza lugha za Kibantu.

Paulin Hountondji, mwanafalsafa wa Benin, aliukosoa vikali mtindo huo katika miaka ya 1970. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba tunaunda taswira ya kabila zima linalowaza kwa kichwa kimoja, ambamo hakuna anayebisha wala anayetoa sababu zake mwenyewe. Tuone jinsi hoja hii inavyogusa suala la tanbihi. Ukiliondoa jina la mzee, huachi tu kumpa heshima yake. Unaondoa pia ushahidi kwamba kulikuwa na mtu aliyefikiri. Kinachobaki ni desturi, na desturi haijadiliani na mtu.

Hatua ya pili ni ya Marcel Griaule, Mfaransa mtaalamu wa tamaduni. Mwaka 1946, katika nchi ya Wadogon iliyo Mali ya leo, alizungumza kwa siku 33 na mzee mwindaji aliyekuwa kipofu, aitwaye Ogotemmêli. Mwaka 1948 akatoa kitabu cha mazungumzo hayo, na jina la mzee likajulikana duniani. Miaka mingi baadaye Mholanzi Walter van Beek alifanya utafiti kati ya Wadogon, na mwaka 1991 akaandika kwamba hakuyakuta kati ya watu aliozungumza nao mengi ya yale yaliyoandikwa na Griaule. Aliona kwamba sehemu kubwa ya mfumo ule ilizaliwa katika mazungumzo yenyewe, kati ya mtafiti, wasimulizi na wakalimani.

Mjadala huo uliendelea, lakini kwetu funzo liko wazi. Griaule alipotaja mtu, mahali na siku, aliwawezesha wengine kurudi na kuuliza: je, hii ni imani ya Wadogon wote, au ni fikra ya Ogotemmêli? Swali hilo lisingeulizika vizuri kama kitabu kingesema tu "Wadogon huamini". Kumtaja mzee hakuthibitishi kwamba maneno yake ni ya jamii nzima, ila kunatuwezesha kuuliza kama ni ya jamii nzima au la.

Hatua ya tatu ni ya Mkenya Henry Odera Oruka, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi kifo chake mwaka 1995. Kuanzia miaka ya 1970 yeye na wenzake waliwatembelea wazee sehemu mbalimbali za Kenya, wakawahoji na kunasa sauti zao. Kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya falsafa ya wenye hekima kina majina ya wazee hao na mazungumzo yao kwa maswali na majibu.

Oruka aliweka tofauti ambayo ni ufunguo wa somo hili. Wapo wenye hekima wanaoyajua vizuri sana mapokeo ya watu wao na kuyaeleza kwa ufasaha. Ukiwauliza kwa nini, watakurudisha kwenye desturi. Wapo wengine wanaosimama kando ya desturi, wakaipima na kutoa sababu zao wenyewe. Wa kwanza anatupa sauti ya jamii. Wa pili anatupa pia sauti yake. Mzee mmoja anaweza kuwa wa aina zote mbili katika alasiri moja, kwa hiyo ni kazi yetu kusikiliza ni wapi anapotoka upande mmoja kwenda mwingine.

Mmoja wa wazee hao alikuwa Paul Mbuya Akoko, Mluo. Alizungumzia ujamaa wa Waluo wa zamani. Wengi tungeandika upesi kwamba Waluo waligawana mali zao kwa ukarimu. Mbuya hakukubali lugha hiyo nyepesi. Alieleza kwamba ulikuwa hasa ushirikiano: mwenye ng'ombe wengi aliwakabidhi wasio nao wawatunze, wakapata faida ya ng'ombe hao, lakini ng'ombe hawakuacha kuwa wa mwenyewe. Hapo zipo sauti mbili. Desturi ya kukabidhi ng'ombe ni ya jamii. Hukumu kwamba desturi hiyo isiitwe kugawana mali ni ya Mbuya. Mwandishi akisema "Waluo waliamini kwamba ujamaa wao haukuwa kugawana mali", amemnyang'anya Mbuya hoja yake na kuwapa watu ambao pengine hawakuwahi kuifikiria hivyo.

Mfano: mgeni na jembe

Tuchukue sasa mfano wa kutunga, lakini wa aina tunayokutana nayo kila likizo. Frateri anaandika juu ya ukarimu. Anaanza na methali ambayo kila msomaji wa Kiswahili anaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali yenyewe haihitaji tanbihi. Imo katika vitabu vya methali na vinywani mwa watu kila mahali. Hii kweli ni maarifa ya wote.

Anakwenda kwa babu mmoja na kumwuliza maana yake. Babu anamjibu kwamba watu wa siku hizi wanaifahamu vibaya. Wanadhani jembe ni njia ya kumfukuza mgeni kwa adabu. Kwake yeye jembe ni heshima. Anayekula bila kulima ni mgeni, na mgeni hali kwa haki bali kwa huruma ya mwenyeji. Ukimpa jembe umemtoa kwenye huruma na kumwingiza kwenye haki, kwa sababu sasa anakula jasho lake pamoja nanyi. Babu anaongeza kwamba katika ukoo wao zamani, mgeni aliyelima msimu mzima aliweza kupewa kipande cha shamba.

Frateri akirudi chumbani na kuandika, "Kadiri ya mapokeo ya Kiafrika, jembe katika methali hii ni alama ya haki," amefanya makosa mawili kwa pamoja. Maelezo ya babu ameyaita mapokeo, na ukoo mmoja ameuita Afrika. Lakini atajuaje ni kipi cha babu na kipi cha ukoo? Kwa kuuliza tena, kwa watu wengine.

Siku inayofuata anamwendea bibi mmoja wa kijiji kilekile, wala hamtajii alichosema babu. Anauliza tu maana ya methali. Bibi anacheka na kusema methali hiyo waliitunga waliochoka kupika: chakula kina mwisho, na mgeni asiyejiongeza ni lazima akumbushwe. Kisha frateri anamwuliza juu ya mgeni kupewa shamba. Bibi anasema ndiyo, ilikuwepo, na anaeleza kwamba aliyetoa kibali alikuwa mkubwa wa ukoo. Mzee wa tatu, wa ukoo mwingine, naye anasema vivyo hivyo juu ya shamba bila kudokezewa, lakini juu ya maana ya jembe anakubaliana na bibi.

Sasa mambo yamejipanga yenyewe. Desturi ya kumpa mgeni shamba imethibitishwa na watu watatu waliohojiwa kila mmoja peke yake. Inaweza kuandikwa kama desturi ya kijiji kile, na watatu wote wakatajwa katika tanbihi. Maelezo kwamba jembe ni haki yametoka kwa babu peke yake. Hayana thamani ndogo kwa sababu hiyo. Katika tasnifu ya falsafa yana thamani kubwa zaidi, kwa kuwa ni hoja ya mtu aliyefikiri, na kuna hoja ya bibi ya kuipinga. Frateri amekwenda kutafuta methali, amerudi na mjadala.

Ibara yake inaweza kusomeka hivi: "Katika kijiji hiki mgeni aliyelima msimu mzima aliweza kupewa shamba kwa kibali cha mkubwa wa ukoo. Mzee fulani analiona jembe la siku ya tatu kuwa mwanzo wa haki hiyo. Bibi fulani anakataa, na kwake jembe ni ukumbusho tu. Sisi tunaona kwamba hoja ya mzee inakaribia fundisho la Mtakatifu Tomaso juu ya haki, la kumpa kila mtu kilicho chake." Mahali pa "fulani" ni pa majina halisi. Sentensi ya kwanza ni ya jamii, mbili zinazofuata ni za wazee, na ya mwisho ni yetu. Angalia hasa hiyo ya mwisho. Babu hakumtaja Mtakatifu Tomaso. Tukimwekea Tomaso mdomoni tutamdhulumu kama vile ambavyo tungemdhulumu kwa kumnyamazisha.

Kabla ya kuuliza: ruhusa na jina

Kazi ya kutaja chanzo huanza kabla ya mazungumzo. Ikiachwa hadi siku ya kuandika, itakuta tarehe imesahaulika, na pengine mzee naye ametangulia mbele za haki.

Jambo la kwanza ni mzee ajue kwamba tunafanya utafiti. Hili linatuhusu sisi wafrateri kwa namna ya pekee, kwa sababu watu hutupokea kwanza kama watu wa Kanisa. Mama anayetueleza historia ya familia yake tulipokwenda kumtembelea mgonjwa hakuwa anajibu maswali ya tasnifu. Vivyo hivyo kwa yanayosemwa katika jumuiya ndogondogo. Yaliyosikika katika huduma ya kichungaji hayageuzwi kuwa data. Kama tumesikia jambo lenye maana kwa utafiti, turudi siku nyingine, tueleze tunachofanya, tuombe ruhusa, na kukataliwa kuwe jibu halali.

La pili ni kumwuliza mwenyewe atajweje. Swali lenyewe ni jepesi: "Babu, maneno haya nikiyaandika, niseme nimeyapata kwa nani?" Jibu mara nyingi hushangaza. Mmoja atataka jina la ubatizo na la baba yake. Mwingine atataka litajwe jina la ukoo au cheo chake cha kimila. Mwingine atasema, "Haya si yangu, haya aliniambia shangazi," na hapo tumeupata mlolongo ambao tusingeujua. Tumwulize pia kama yapo aliyotuambia ambayo yasiandikwe. Mambo ya jando na unyago, ya dawa, na ya mipaka ya mashamba, mara nyingi yana masharti ya nani ayasikie.

Fomu nyingi za maadili ya utafiti huelekeza kuficha majina, hivyo babu anakuwa "Mhojiwa Namba 4". Utaratibu huo ulitungwa kumlinda mtu anayetoa habari nyeti za maisha yake, kama vile ugonjwa au ugomvi wa nyumbani, na katika mambo hayo tuufuate. Lakini mzee anayetoa hoja yuko karibu zaidi na mwandishi wa kitabu kuliko mgonjwa anayehojiwa. Kumpa namba ni kumnyima uandishi wake. Uamuzi uwe wake, naye auamue akiwa anajua kwamba kazi inaweza kuwekwa mtandaoni na kusomwa na watoto wa jirani yake.

La tatu ni kuandika papo hapo mambo machache: jina kama alivyotaka, kijiji na wilaya, tarehe, lugha iliyotumika, aliyekuwa mkalimani kama alikuwepo, na waliokuwa wamekaa pale. Waliokuwepo wana maana, kwa kuwa mzee akiongea mbele ya wajukuu haongei sawasawa na akiwa mbele ya wazee wenzake. Maneno mazito ya lugha ya mama tuyaandike kama alivyoyatamka, kisha tafsiri yetu ifuate. Mkosoaji wa kesho atataka kujua kama neno "haki" lilitoka kwa mzee au kwa mfasiri.

Kuandika tanbihi

Mitindo ya kutaja vyanzo haifanani, na shule zetu hutumia mitindo tofauti. Mtindo wa Chikago huweka mahojiano yasiyochapishwa hasa katika tanbihi. Mtindo wa APA, kwa mazungumzo ambayo msomaji hawezi kuyapata mahali pengine, huyahesabu kama mawasiliano binafsi, kundi moja na barua na simu. Hutajwa ndani ya maandishi lakini hayaingii katika orodha ya marejeo. Matokeo yake ni kwamba mtu akisoma orodha mwishoni mwa tasnifu, atakuta vitabu tu, hata kama nusu ya hoja zimetoka kwa wazee.

Mkutubi Lorisia MacLeod wa Kanada, ambaye mwenyewe ni wa taifa la asili la Wakrii, aliliona tatizo hili. Alitengeneza vielelezo vya kuwataja wazee na watunza maarifa vinavyowaingiza katika orodha ya marejeo kama waandishi wengine: jina, taifa lake, mahali anapoishi, mada aliyofundisha, na tarehe. Mwaka 2021 alichapisha makala ya kuvieleza. Si lazima tuvinakili kama vilivyo, kwa kuwa utaifa wa watu wa asili wa Kanada una mpangilio wake. Wazo lenyewe linafaa huku kwetu pia. Tukimwomba mwalimu anayetusimamia, anaweza kuturuhusu tuweke katika marejeo sehemu yenye kichwa "Vyanzo simulizi", na kila mzee akaandikwa kwa mpangilio huu:

Jina kamili kama alivyotaka. Ukoo au cheo. Kijiji na wilaya. Maelezo juu ya methali ya mgeni na jembe. Mazungumzo na mwandishi, kwa lugha fulani, tarehe, mwezi na mwaka. Sauti imenaswa, tafsiri ya mwandishi.

Kama mzee alisikia kwa mwingine, mlolongo nao uandikwe. Jambo hili si geni katika Kanisa. Mtakatifu Ireneo wa Lyoni alieleza kwamba katika ujana wake alimsikiliza Polikarpo, naye Polikarpo alikuwa amewasikia waliomwona Bwana. Hakuridhika kusema "wazee walisema". Alisema ni mzee gani na huyo alisikia kwa nani, kwa sababu nguvu ya ushuhuda ilitegemea viungo vya mnyororo. Nasi tuandike, "kama alivyosimuliwa na shangazi yake," au, pale ambapo mzee hakumbuki, tuseme wazi kwamba hakumbuki.

Hatua ya mwisho ni kurudi. Tukishaandika, tumsomee mzee ibara zinazomhusu, kwa lugha yake. Ndipo atakaposema, "Hapa sikusema hivyo," au, "Hili liondoe." Rekebisho hilo pia ni sehemu ya mazungumzo na lina tarehe yake. Kazi ikikamilika, nakala ya kurasa zake ifike nyumbani kwake. Wajukuu wake wataijua hoja ya babu yao kwa jina la babu yao.

Mipaka ya jambo lenyewe

Kumtaja mzee hakumfanyi awe sahihi. Wazee husahau, huupendelea ukoo wao, na wengine wamesoma vitabu vilevile tulivyosoma. Jan Vansina, Mbelgiji aliyewafundisha wanahistoria wengi namna ya kutumia masimulizi ya Afrika, alisisitiza kwamba masimulizi yapimwe kama hati nyingine: nani alisema, alipata wapi, na alikuwa na faida gani kusema hivyo. Kwa hiyo tukimheshimu mzee kama mwenye hoja, tumheshimu pia kwa kumwuliza swali gumu na kuonyesha pale tusipokubaliana naye, kama tunavyofanya kwa Plato.

Pia jina la mzee mmoja lisitumike kama muhuri wa kabila zima. Hadithi, ngoma na ujuzi wa dawa vinaweza kuwa mali ya jamii, na huko ruhusa ya mtu mmoja haitoshi. Itifaki ya Swakopmund, iliyopitishwa mwaka 2010 chini ya shirika la miliki bunifu la Afrika, ARIPO, inamtaka anayetumia maarifa ya jadi nje ya mazingira yake awataje wenye maarifa hayo na kuonyesha yalikotoka. Kenya nayo ilitunga mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Katika mambo ya namna hii jina la jamii na jina la msimulizi huandikwa yote mawili, kila moja mahali pake.

Basi, ndugu zetu mnaoanza kuandika tasnifu mwaka huu, chukueni rasimu zenu na mtafute kila mahali palipoandikwa "wahenga", "mapokeo" au "Waafrika huamini". Kando ya kila neno andikeni kwa penseli: nani alisema? Pale mtakapopata jina, andikeni tanbihi. Pale mtakapokosa, likizo bado ipo na wazee wapo. Nanyi wazazi wetu, frateri akija na daftari, mwulizeni bila kuona haya atawatajaje, na mdai awarudie kuwasomea alichoandika.